Miambaa miwili chini ya sifuri: uchambuzi wa kisa cha kugawa seli za utafiti

Kilichotushtua ni chati. Ilitakiwa kuonyesha asilimia ya kaya zinazotibu maji kabla ya kunywa katika maeneo 46 ya utafiti mmoja wa sampuli, na miambaa miwili ilikuwa imeelekea chini ya mstari wa sifuri: −31.2 na −27.5. Hakuna eneo duniani ambalo asilimia hasi 31 ya kaya zake huchemsha maji. Mwenzangu aliyeandaa chati alinigeukia akaniuliza, "Dada, hii hasi imetoka wapi? Mimi sijaandika hasi popote." Alikuwa anasema kweli. Hakuiandika yeye.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu makosa yale mawili yaliyojionyesha yalitufanya tutafute mengine, na tuliyoyakuta yalikuwa yamejificha kwenye namba zenye sura ya kawaida kabisa. Lau isingekuwa ile miambaa, yote yangepita.

Jedwali tulilolipata lilikuwa ndani ya faili la PDF. Kila eneo lilikuwa na mstari wake, na kila seli ilibeba namba tatu kwa pamoja, kwa mfano `64.8 (59.3–69.9)`. Namba ya kwanza ni kadirio, yaani asilimia iliyopatikana kwenye sampuli baada ya kupewa uzito. Zilizo ndani ya mabano ni kikomo cha chini na kikomo cha juu cha masafa ya uhakika ya asilimia 95. Kwa msomaji wa karatasi, mpangilio huo ni mzuri, kwani jicho linapata kila kitu mahali pamoja. Lakini kompyuta haioni namba tatu hapo, inaona maandishi. Ukitaka kuchora mistari ya masafa juu ya miambaa, au kupanga maeneo kwa upana wa shaka, lazima seli hiyo igawanywe iwe safuwima tatu: kadirio, chini, juu.

Mwenzangu aliifanya kazi hiyo kwa njia ambayo wengi wetu huanza nayo. Alinakili jedwali, akalibandika kwenye Excel, akaondoa mabano ya kufunga kwa Find & Replace, kisha akatumia Text to Columns mara mbili: kwanza kukata penye mabano ya kufungua, halafu kukata penye deshi. Seli zilizogoma alizirekebisha kwa mkono. Mchana mmoja kazi ikaisha, laha likawa limejaa namba.

Sasa tazama kilichotokea kwa lile eneo la −31.2. Kwenye PDF, seli yake ilikuwa imeandikwa `(31.2)` tu. Hakuna kadirio nje ya mabano, hakuna masafa ndani yake. Excel ikibandikiwa namba iliyofungwa kwa mabano huisoma kama wahasibu wanavyoandika hasara, na kuigeuza kuwa hasi. Inafanya hivyo papo hapo, kabla hujagusa amri yoyote ya kugawa. Mabano yanatoweka, alama ya hasi inaingia, na seli haibaki na dalili yoyote ya jinsi ilivyokuwa.

Je, mabano yale yalikuwa na maana gani? Jibu lilikuwa kwenye tanbihi chini ya jedwali, kwa herufi ndogo. Ripoti ilifuata desturi inayojulikana sana kwenye majedwali ya DHS, zile tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya: namba iliyo ndani ya mabano imetokana na kesi 25 hadi 49 kabla ya kupewa uzito, kwa hiyo isomwe kwa tahadhari, na kinyota kinasimama badala ya namba iliyofichwa kwa kuwa kesi hazikufika 25. Kwa hiyo katika safuwima moja, mabano yalifanya kazi mbili tofauti. Mahali pengi yalibeba masafa, na mahali pawili yalisema "sampuli hapa ni ndogo". Excel ikaongeza maana ya tatu ambayo mwandishi wa ripoti hakuwa nayo kichwani hata kidogo.

Hapo tukaamua kutolirekebisha laha lile. Ukishajua kwamba programu imebadilisha baadhi ya seli bila kukuambia, huwezi tena kujua zipi zimebaki salama. Tulirudi kwenye PDF, tukanakili jedwali upya na kulibandika kwenye kihariri cha maandishi matupu, kisha tukalisoma kwa Python kwa sharti kwamba kila seli ibaki maandishi:

```python
import pandas as pd

t = pd.read_csv("jedwali.txt", sep="\t", dtype=str,
                keep_default_na=False)
seli = list(t["ghafi"])
```

`dtype=str` inazuia programu isikisie namba. `keep_default_na=False` inazuia isigeuze maandishi kama `NA` kuwa tupu, maana tulitaka kuona wenyewe kila alama iliyoandikwa pale. Safuwima tuliyoiita `ghafi` haikuguswa tena mpaka mwisho wa kazi, na hata leo imo ndani ya faili. Ukikosea mahali, una pa kurudi.

Kishawishi kinachofuata ni kuandika ruwaza ya kugawa mara moja. Mimi nimejifunza kusubiri. Kwanza nataka kujua seli zina maumbo mangapi, na njia rahisi ni kubadilisha kila tarakimu kuwa 9 kisha kuhesabu yanayofanana. `64.8 (59.3–69.9)` na `22.7 (18.4–27.7)` zote zinakuwa umbo moja, na jedwali la mistari 46 linakaa kwenye mistari michache unayoweza kuisoma kwa macho.

```python
import re
from collections import Counter

def umbo(s):
    s = re.sub(r"\d", "9", s)
    return re.sub(r"(?<![.\d])9+", "9", s)

for u, n in Counter(map(umbo, seli)).most_common():
    print(n, ascii(u))
```

Mstari wa pili wa `umbo` una sababu yake. Unafupisha tarakimu zilizo kabla ya nukta, ili 4.1 na 64.8 zihesabiwe pamoja, lakini hauzigusi zilizo baada ya nukta. Idadi ya tarakimu baada ya nukta ni ushahidi, na punde utaona umetusaidia nini. `ascii` nayo inalazimisha alama zisizo za kawaida zijitaje kwa namba zao badala ya kujionyesha kwa sura. Tulipata hivi:

```
29 '9.9 (9.9\u20139.9)'
5 '9.9 (9.9-9.9)'
3 '9.9\xa0(9.9\u20139.9)'
2 '9.9 (9.9 \u2013 9.9)'
2 '9 (9-9)'
2 '(9.9)'
1 '9.9(9.9\u20139.9)'
1 '9.99 (9.9\u20139.9)'
1 '*'
```

Jumla ni 46, kama inavyotakiwa. Seli 29 tu ndizo zilizofuata umbo ambalo sote tulidhani ni la jedwali zima.

Maumbo kadhaa hapo ni usumbufu mdogo. Baadhi ya mistari ina deshi (`\u2013`), mingine kistari cha kawaida cha kibodi. Kwa jicho vinakaribia kufanana, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na ndiyo maana seli tano za mwenzangu ziligoma kugawanyika alipokata penye deshi. Ile `\xa0` ni nafasi isiyokatika, ambayo wapanga kurasa huiweka ili namba na mabano yake yasitenganishwe mwisho wa mstari. Kwenye skrini huwezi kuitofautisha na nafasi ya kawaida, na hata TRIM ya Excel haiiondoi. Ukijua ipo, ruwaza inaipokea na maisha yanaendelea.

Umbo la `9 (9-9)` lilikuwa na habari zaidi. Mistari hiyo miwili ilitoka ukurasa wa mwisho wa jedwali, ambako mwandishi alikuwa amezungusha namba bila desimali: `5 (3-8)` na `7 (4-11)`. Nilifungua laha la zamani kuona mwenzangu alipata nini hapo. Kwa ile `5 (3-8)`, kikomo cha chini kilikuwa 8 na cha juu 3. Alikumbuka vizuri ilivyokuwa. Alipokata penye mabano ya kufungua, kipande kilichobaki kilikuwa `3-8`, na Excel yake, iliyopangwa kusoma mwezi kabla ya siku, ilikigeuza kuwa tarehe na kuonyesha `8-Mar`. Akaona kuna kosa, akataka kulirekebisha, akasoma tarehe ile kutoka kushoto kwenda kulia: 8, kisha Machi, yaani 3. Kosa lilikuwa la programu na rekebisho lilifanywa kwa nia njema, lakini matokeo yakawa masafa yaliyopinduka. Ile ya pili nayo ilikuwa hivyo hivyo, 11 chini na 4 juu. Masafa yenye desimali hayakuguswa, kwa kuwa 9.8-15.1 haifanani na tarehe kwa mipangilio ya kompyuta yake. Hatari hii inawapata hasa wanaochapisha namba nzima ndogo, zile zinazoweza kuwa mwezi na siku.

Lakini umbo lililonifanya nikae vizuri kwenye kiti ni lile lenye seli moja tu: `9.99 (9.9–9.9)`. Seli yenyewe ilikuwa `41.31 (36.0–46.8)`. Isome tena. Kadirio liko katikati ya vikomo vyake, linaingia akilini, na kwenye chati hakuna mtu angeligundua. Ila jedwali zima lina tarakimu moja baada ya nukta, na kadirio hili lina mbili. Tulifungua PDF: palikuwa pameandikwa 41.3, na juu yake kidogo alama ndogo ya tanbihi, 1. Tulipokuwa tunanakili, ile 1 ilishuka mstarini ikaungana na namba.

Safari hii kosa lilikuwa la sehemu moja ya mia ya pointi, na mtu anaweza kusema halina madhara. Mimi siliangalii hivyo. Tanbihi hiyo hiyo ingeangukia kwenye `5 (3-8)` ingekuwa `51 (3-8)`. Ingeangukia kikomo cha juu chenye namba nzima, 8 ingekuwa 81, na masafa mapana ya 3 hadi 81 yangeonekana tu kama eneo lenye sampuli mbaya. Kwenye namba zenye desimali, kutazama umbo ndiko kunakokamata aina hii. Ukaguzi wa kulinganisha namba na namba hauwezi kulikamata lile la 41.31, kwa sababu namba zote tatu zimekaa kwa mpangilio sahihi.

Baada ya hapo ndipo tukaandika ruwaza:

```python
N = r"([-\u2212]?\d+(?:\.\d+)?)"
K = r"\s*(?:-|\u2013)\s*"
SELI = re.compile(
    r"\s*" + N + r"\s*\(\s*" + N + K + N + r"\s*\)\s*")

m = SELI.fullmatch("64.8 (59.3–69.9)")
print(m.groups())   # ('64.8', '59.3', '69.9')
```

`N` ni namba moja, yenye alama ya hasi au bila. `K` ni kiungo kati ya vikomo viwili, kiwe kistari au deshi, pamoja na nafasi yoyote iliyokizunguka. Neno lenye uzito hapo ni `fullmatch`. Linadai ruwaza ifunike seli yote kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na seli isiyokubali inarudi mikono mitupu. Kuna njia nyingi za kuvuta namba kutoka kwenye maandishi ambazo hazina masharti hayo: zinachukua namba ya kwanza, ya pili na ya tatu popote zinapozikuta na kutupa kilichobaki. Njia hizo hupendwa kwa kuwa hazilalamiki. Lakini ukizipa `(31.2)` zitakupa kadirio 31.2 lenye vikomo vitupu, na hutajua kama masafa yalikosekana kwenye ripoti au yamepotea mikononi mwako.

Wanaofanya kazi kwenye Google Sheets wanaweza kupata ukali ule ule kwa fomula moja, kwa sababu REGEXEXTRACT yenye mafungu matatu inajaza seli tatu kwa mkupuo:

```
=REGEXEXTRACT(A2,"^([0-9.]+)\s*\(([0-9.]+)\s*[-–]\s*([0-9.]+)\)$")
```

Zile `^` na `$` ndizo zinazofanya kazi ya `fullmatch`, na seli isiyokubali inatoa `#N/A`. Kumbuka kwamba kinachotoka ni maandishi, kwa hiyo kipitishe kwenye VALUE. Tena `\s` ya Google Sheets haiitambui nafasi isiyokatika, hivyo zile seli tatu za `\xa0` zingekupa `#N/A` ilhali kwa macho hazina tatizo lolote. Python inaitambua.

Kati ya seli 46, ruwaza ilipokea 43. Tatu zilizokataliwa ni mbili za `(31.2)` na `(27.5)` pamoja na kinyota. Hazikuwa nyingi kiasi cha kutafutiwa ruwaza yake. Tulizishughulikia moja moja, na kila moja ilitulazimisha kufanya uamuzi. Zile mbili tuliziandika kadirio chanya, vikomo tukaviacha vitupu, na tukaongeza safuwima ya nne iitwayo `tahadhari` yenye maneno "kesi 25 hadi 49". Tungeandika kadirio peke yake, onyo ambalo mwandishi wa ripoti aliliweka kwa makusudi lingefutika. Kinyota kikawa tupu kwenye safuwima zote tatu, na `tahadhari` ikasema "imefichwa, kesi chini ya 25". Kwenye laha la zamani eneo hilo lilikuwa limejazwa 0. Sifuri ni matokeo, maana yake hakuna kaya hata moja inayotibu maji. Kinyota maana yake ni kwamba namba ipo ila haikuchapishwa. Kwa kuwa mwambaa wa sifuri hauonekani kwenye chati, hilo nalo lilikuwa limetupita.

Kwa seli 43 zilizopokelewa tulifanya ukaguzi wa aina mbili. Wa kwanza unauliza kama kadirio na vikomo vyake vina idadi moja ya tarakimu baada ya nukta. Seli iliyokwama ni ile ya 41.31 peke yake, na tuliisahihisha kwa kutazama PDF. Wa pili unauliza kama chini ≤ kadirio ≤ juu. Zote zilipita. Niliupitisha ukaguzi huu wa pili kwenye laha la zamani pia, na ukakamata yale masafa mawili yaliyopinduka kwa sekunde moja. Laiti tungeufanya tangu mwanzo.

Kuna ukaguzi wa tatu unaopendekezwa mara nyingi, nao ni kuangalia kama kadirio limekaa katikati kabisa ya masafa. Hapa nawaomba wasomaji wawe waangalifu, maana kwa asilimia zenyewe ukaguzi huu hudanganya. Chukua seli `4.1 (2.3–7.2)`. Kutoka kadirio kwenda chini ni 1.8, kwenda juu ni 3.1. Mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine kwa kiasi kikubwa, lakini seli haina kosa lolote. Programu nyingi za tafiti za sampuli huyakokotoa masafa ya asilimia kwenye kipimo cha logit, yaani logi asilia ya uwiano kati ya asilimia na kilichobaki kufika 100, kisha huyarudisha kwenye asilimia, na `svyciprop` ya R hufanya hivyo usipoiagiza vingine. Sababu ni nzuri: masafa hayawezi kushuka chini ya 0 wala kuvuka 100. Matokeo yake ni kwamba karibu na 0 mkono wa juu unarefuka, na karibu na 100 unarefuka wa chini. Ukitaka kuhakiki seli kama hiyo, ipeleke kwanza kwenye logit. Logit ya 4.1% ni takriban −3.15, ya 2.3% ni −3.75, ya 7.2% ni −2.56. Mikono yote miwili inakuwa karibu 0.60, na hapo ndipo unaona kadirio limekaa katikati sawasawa.

Ukaguzi huo wa katikati ulitufaa mahali pengine. Jedwali lilikuwa na safuwima ya pili, iliyoonyesha mabadiliko tangu utafiti uliotangulia kwa pointi za asilimia, na humo namba hasi ni halali. Hapa kistari kinabeba mizigo miwili, hasi na kiungo. Seli `-3.2 (-6.0--0.4)` ingemchanganya yeyote anayekata tu penye kistari, lakini ruwaza yetu inaisoma bila shida: alama ya hasi lazima iguse tarakimu, na kati ya vikomo lazima pawe na kiungo kimoja. Tulichokuta ni kwamba ripoti ilitumia alama maalumu ya kutoa, `\u2212`, ambayo si kistari wala deshi. Kabla ya kuigeuza seli kuwa namba ni lazima uibadilishe iwe kistari, la sivyo `float` ya Python inakataa.

Baada ya kugawa, seli zote za mabadiliko zilipita ukaguzi wa mpangilio. Tukaongeza wa katikati, kwa kuwa masafa ya tofauti kati ya tafiti mbili kwa kawaida hukokotolewa kwa kuongeza na kutoa kiasi kile kile pande zote mbili. Mikono inatakiwa ilingane, isipokuwa kwa kosa la kuzungusha. Kila namba iliyozungushwa hadi desimali moja inaweza kukosea kwa 0.05. Tofauti ya mikono ni mara mbili ya kadirio ukitoa vikomo vyote viwili, kwa hiyo kosa la kuzungusha haliwezi kuzidi 0.2. Chochote kinachozidi hapo kinahitaji maelezo.

Seli moja ilizidi. Ilikuwa hivi: `−3.6 (−6.9–0.4)`. Mkono wa chini ni 3.3. Mkono wa juu, kutoka −3.6 hadi 0.4, ni 4.0. Tofauti ni 0.7. Lakini kama kikomo cha juu kingekuwa −0.4, mkono wa juu ungekuwa 3.2, na tofauti ingebaki 0.1 tu, ndani ya kosa la kuzungusha.

Hatukubadilisha kitu hapo. Hesabu inakupa sababu ya kushuku, haikupi ruhusa ya kuandika namba usiyoiona. Tulifungua ukurasa kwenye PDF, tukaukuza mpaka seli ikajaa skrini, na hapo palionekana mistari miwili mifupi, mmoja baada ya mwingine, deshi na alama ya kutoa: −6.9–−0.4. Wakati wa kunakili, alama ya pili ilikuwa imeanguka njiani. Tuliisahihisha safuwima ya juu kwa mkono, `ghafi` tukaiacha kama ilivyonakiliwa, na kwenye `tahadhari` tukaandika kwamba kikomo kimesomwa kutoka ukurasani, pamoja na namba ya ukurasa.

Tangu siku hiyo, kabla ya kugawa chochote naangalia kwanza kama mchapishaji ameshagawa mwenyewe. Faili za CSV za Global Health Observatory ya Shirika la Afya Duniani, kwa mfano, zina safuwima `Value` yenye seli za mtindo wa `62.5 [61.3-63.7]`, na wengi wanakimbilia kuikata hiyo, ilhali ndani ya faili hilo hilo zimo `FactValueNumeric`, `FactValueNumericLow` na `FactValueNumericHigh`, kila moja na namba yake. Kwa ripoti yetu hapakuwa na faili kama hilo. Palikuwa na PDF tu.

Mwenzangu alikuwa ameshaandika rasimu ya maelezo ya lile eneo la mwisho. Ilisema kwamba kutibu maji kumepungua kwa pointi 3.6, lakini kwa kuwa masafa yanapita sifuri, haiwezekani kusema kwa uhakika kama kweli kumepungua. Alikaa akaitazama sentensi hiyo kwa muda, akafuta sehemu ya pili, akaandika: "Masafa ya uhakika ya asilimia 95 ni kutoka −6.9 hadi −0.4."